Tezi Zilizolala

Wavinya hakuwa mtu wa maneno mengi. Wodini aliitwa Sista Pole, kwa sababu neno hilo ndilo lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko mengine. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomfungua mdomo, nalo ni unga.

Kila asubuhi, kabla kliniki ya hospitali ya misheni huko Machakos haijaanza kuita majina, muuguzi mmoja alipangiwa kuwafundisha wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi. Mmoja alifundisha kunawa mikono, mwingine kunyonyesha. Wavinya alifundisha juu ya unga uliouzwa sokoni Kangundo na mtu mmoja mwenye kipaza sauti, katika vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo. Ulisemekana kuponya magoti, mgongo, pumu na hata huzuni.

"Mnajuaje kilichomo ndani?" aliwauliza, mikono ikiwa imezama mifukoni. "Mwenye kuuza mwenyewe akiugua huja hapa hapa kwetu."

Wagonjwa walicheka, na Wavinya alirudi wodini masikio yakiwaka moto kwa haya na kwa furaha. Ndilo jambo pekee hospitalini aliloliona kuwa lake.

Basi Jumamosi moja alipoenda kumsalimia mama yake huko Kangundo, akainama chini ya kitanda kutafuta kandambili, akakuta kopo la kahawa lililojaa vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo.

Alikaa pale sakafuni akivitazama. Kisha akamtazama Kamanthe, mama yake, aliyekuwa mlangoni akichagua mawe kwenye muthokoi, mahindi yaliyokwisha kukobolewa kwa ajili ya chakula cha jioni. Alimtazama kama mgonjwa aliyeletwa na watu wasiomjua. Uso ulikuwa wa mviringo, mashavu yamejaa mpaka macho yalikuwa yakichungulia. Mikono na miguu ilikuwa myembamba. Kwenye kigasha kulikuwa na alama za zambarau, zile ambazo mama alisema zilitokana na kugonga mlango.

Kijiji kizima kilikuwa kimeusifu ule uso. "Kamanthe umenona! Ukiwa na mtoto sista, mwili haufichiki." Na Wavinya alikuwa ameamini. Alidhani ni maziwa ya kopo na mafuta ya kupikia aliyokuwa akileta kila alipokuja.

"Mwaitu, mama," alisema kwa sauti aliyotumia kwenye mabenchi. "Hii ni nini?"

Kamanthe hakugeuka. "Ni ya magoti."

"Unakula tangu lini?"

"Tangu zile mvua za El Nino. Nilipoteleza kule kwa matuta nikashindwa kupanda, si unakumbuka? Mbinya akanionjesha yake. Kesho yake nikachuma kahawa kama msichana."

"Kila siku?"

"Kwani wewe unakula ugali siku gani na siku gani?"

"Mama, mimi husimama mbele ya watu kila asubuhi nikiwakataza hii! Wakijua mama yangu mwenyewe..."

"Watu wako ni wa huko Machakos. Hawatakuja kunichumia kahawa." Sasa Kamanthe aligeuka, na sauti yake ikalegea. "Mwiitu wakwa, mwanangu, bila hiyo siwezi kushuka matuta. Nikikaa hapa mlangoni nitakuwa nani?"

Wavinya alisimama na kopo mkononi. Alikuwa na hasira ya mtu asiyezoea kukasirika, ile isiyojua iishie wapi. Alipita nyuma ya jiko mpaka chooni, akafungua kifuko kimoja kimoja na kumwaga shimoni, kisha akatupa na kopo lenyewe. Alilisikia likigonga chini.

Aliporudi, mama yake alikuwa ameinamia muthokoi tena.

"Basi," Kamanthe alisema. "Wewe ndiye umesoma."

*

Juma lilikuwa halijaisha Mbinya alipomleta Kamanthe hospitalini. Mbinya alikuwa jirani yao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Hajala tangu juzi. Akinywa maji anatapika. Mwili wote unamuuma kama aliyepigwa, na akisimama anaona giza. Leo asubuhi hakunijua, mpaka nilipompa chai yenye sukari nyingi."

Wavinya alimpima mwenyewe. Presha ilikuwa chini, na sukari ya damu ilikuwa chini. Akamtundikia maji ya chumvi na glukosi, kisha akasimama kando ya kitanda kumsubiri Daktari Muli.

Daktari Muli alikuwa mtu mpole na wa taratibu, ambaye humwamkia mgonjwa kabla ya kulitazama faili. Alimwamkia Kamanthe kwa Kikamba, akamtazama uso, akagusa nundu ndogo ya mafuta iliyokuwa nyuma ya shingo, akaangalia michirizi ya zambarau tumboni. Halafu akamwomba afungue mdomo na kumtazama ufizi kwa muda mrefu. Akamkunjua na viganja pia.

Farhia wa maabara, aliyekuwa amekuja kuchukua sampuli za wodi, hakuweza kujizuia. Baba yake alikuwa muuza mifugo mjini, na Farhia alikua miongoni mwa wanyama.

"Daktari, hivyo ndivyo baba hununua mbuzi."

Hata Kamanthe alitabasamu. "Mwambie baba yako huyu amezeeka, asitoe bei."

"Ufizi ni mwekundu vizuri," Daktari Muli alisema, akicheka kidogo. Kisha akamgeukia Wavinya, maana mgonjwa alikuwa amechoka na binti yake alikuwa muuguzi. "Sista, swali moja muhimu. Kuna dawa yoyote amekuwa akitumia? Ya viungo, ya pumu, ya kienyeji, ya sokoni? Chochote."

Lilikuwa swali jepesi. Lakini Farhia alikuwa pale na mirija yake, na muuguzi mkuu alikuwa kitanda cha pili, na wagonjwa wawili wa kitanda cha dirishani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wiki iliyopita wakimsikiliza. Wavinya alihisi masikio yakianza kuwaka. Akajiambia kwamba unga wenyewe ulikuwa umeshakwisha, ulikuwa shimoni, haukuwa tumboni mwa mtu tena. Kitu ambacho hakipo kingedhuru vipi?

"Hakuna, daktari," alisema. "Panadol tu."

Kamanthe alifungua macho. Alimtazama binti yake, akaona masikio yale aliyoyajua tangu yalipokuwa madogo, akaelewa.

"Panadol tu," akasema.

Daktari Muli aliandika. "Basi nitaeleza ninachofikiria. Uso huu, nundu, michirizi, mikono myembamba: hivi ndivyo anavyokuwa mtu ambaye mwili wake una homoni ya kotisoli nyingi mno. Labda kuna uvimbe kwenye tezi moja ya adrenali, au kwenye tezi ile ya ubongoni inayoziamuru. Lakini kotisoli ikiwa nyingi, presha hupanda na sukari hupanda. Zake zimeshuka. Hapo ndipo sielewi." Alifunga faili. "Kesho saa mbili asubuhi atolewe damu ya kupima kotisoli. Ikirudi juu, haitatosha peke yake, maana hata hofu na maumivu huipandisha. Tutafanya vipimo vingine. Lakini tuanzie hapo."

Kesho yake Farhia alikuja mapema na sindano. Kamanthe, aliyekuwa amepata nguvu kwa yale maji, alitaka kujua kwa nini asiachwe alale.

"Mama, kuna tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo, kama kofia," Farhia alimwambia huku akimfunga mpira mkononi. "Hutengeneza kitu kinaitwa kotisoli. Hicho ndicho hukuamsha, hukushikilia presha na sukari, hukusaidia ukiugua. Kwa mtu anayelala usiku, alfajiri ndipo hutoka kwa wingi, halafu hupungua siku nzima. Nikikutoa mchana nitapata kidogo hata kama uko mzima, na daktari atachanganyikiwa."

"Kumbe nazo huamka mapema kama Mkamba."

"Kama Mkamba mwenye ng'ombe, mama. Wale wa mjini hulala mpaka saa tatu."

Walicheka wote wawili. Wavinya alikuwa akishikilia mkono wa mama yake, akatazama damu ikipanda kwenye mrija. Ingepelekwa Nairobi, kwani pale hawakuwa na mashine ya kupima homoni. Neno lilimfika kwenye ulimi wakati ule. Farhia alikuwa rafiki yake, hakukuwa na mtu mwingine karibu, na asingemcheka. Lakini Farhia alisema, "Haya, nimemaliza," akaondoka na trei yake, na lile neno likarudi lilikotoka.

Siku mbili za maji ya chumvi zilimsimamisha Kamanthe. Alikunywa uji, akaomba aruhusiwe, kahawa ilikuwa imeiva. Daktari Muli hakupenda, lakini presha ilikuwa imepanda kidogo na wodi ilikuwa imejaa. Akamwambia apumzike mpaka majibu yarudi, na akianza kutapika arudishwe mbio.

Langoni, Kamanthe aliuinamia mkono wa binti yake na kuupigapiga. "Usijali," alisema. Hakutaja ni nini asijali.

*

Majibu yalirudi asubuhi ile ile Kamanthe alipoanguka.

Alikuwa ameshuka matuta. Hakuna aliyemtuma, aliona tu kahawa ikianza kukauka mtini. Mbinya alimwona kutoka upande wa pili akisimama na kushika kichwa, akamwita kwa jina, lakini Kamanthe akaporomoka kutoka tuta moja hadi la chini yake. Halikuwa tuta refu. Mtoto angeliruka akicheza. Lakini nyonga yake ilivunjika.

Wavinya aliposikia machela ikisukumwa alitoka mbio, akamkuta Daktari Muli ameshafika. Mkono mmoja ulikuwa na karatasi kutoka Nairobi, na mwingine ulikuwa kwenye shingo ya Kamanthe ukitafuta mapigo.

"Haidrokotizoni kwenye mshipa, sasa hivi," alisema. "Na maji ya chumvi yaende kwa kasi. Tusingojee kitu."

Mikono ya Wavinya ilijua kazi yake hata kama yeye mwenyewe hakuwepo. Alivunja chupa, akavuta dawa, akaitoa hewa sindanoni, akaisukuma taratibu. Kabla ya adhuhuri midomo ya mama yake ilianza kurudisha rangi, na presha, ambayo mwanzoni haikushikika, ikashikika. Kamanthe alifungua macho na kuuliza kama ndoo ya kahawa imemwagika.

Hapo ndipo Daktari Muli alipomwita Wavinya kwenye chumba kidogo cha dawa.

"Nilitegemea kotisoli ije juu," alisema, akimpa karatasi. "Asubuhi, mtu mzima huwa na mia mbili, mia tatu, mia tano. Akiwa mgonjwa kama alivyokuwa, ingepaswa kuwa juu zaidi. Yeye ana ishirini na nane."

Wavinya alisoma. Ishirini na nane.

"Ikiwa chini hivyo asubuhi, tezi hazifanyi kazi. Huo ni upande mmoja. Sasa, tezi zenyewe zingekuwa zimeliwa na ugonjwa, kifua kikuu kwa mfano, ile tezi ya ubongoni ingezipigia kelele, na kelele hiyo huifanya ngozi iwe nyeusi. Ufizi ungekuwa na madoa, mistari ya viganja ingekuwa myeusi. Ndiyo maana nilimfungua mdomo. Hana." Alisema taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani. "Kwa hiyo uso unasema kotisoli imezidi, damu inasema haipo. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, isipokuwa kwa njia moja tu. Iliyozidi ilitoka nje. Mtu alikuwa akimeza dawa ya jamii hiyo, kwa muda mrefu. Mwili ukaona umeletewa, tezi zikalala. Halafu dawa ikakatwa ghafla, na tezi hazikuwa na habari kwamba sasa ni zamu yao."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo ya kupigia deki.

"Ni mimi," Wavinya alisema.

Alimweleza yote, kopo, vifuko, shimo. Alimweleza na kuhusu Panadol. Alingojea akemewe, akatamani akemewe, lakini Daktari Muli aliketi tu kwenye katoni ya drip akasugua macho.

"Kuutupa," alisema mwishowe, "wengi tungeutupa. Mtu akiona sumu hutupa. Mimi pia labda." Akamtazama. "Lakini swali lile nililiuliza kwa sababu hii hii, sista. Ungesema 'unga' tu, ningempa vidonge vya dawa hiyo hiyo siku ile ile. Nisingengojea Nairobi. Na angenijibu mtu mwingine, kwa uso kama huu, ningeuliza mara ya pili. Sikukuuliza. Niliona ni wewe unayejibu."

Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza Wavinya kuliko yote. Aliaminiwa kwa sababu ya yale mabenchi.

Jioni alikaa kando ya kitanda. Mguu wa Kamanthe ulikuwa umevutwa kwa kamba na uzito, na ungekaa hivyo kwa majuma mengi.

"Mwaitu, nimemwambia daktari."

"Najua. Alikuja kuniuliza ule unga ulikuwa na rangi gani. Nikamwambia mweupe, na mchungu kidogo."

"Kwa nini hukusema siku ile? Ulisikia nikidanganya."

Kamanthe aliyaelekeza macho darini. "Ulikuwa umesimama na nguo zako nyeupe. Watu wako wote walikuwa hapo." Kisha akaongeza, bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa, "Nilidhani ninakusaidia."

*

Mbinya alikuja kumwona mgonjwa na kikapu cha ndizi. Chini ya ndizi kulikuwa na vifuko vyake mwenyewe vya unga.

"Mama yako amenituma," alimwambia Wavinya, sauti kubwa ikiwa imerudi. "Amesema nikuletee wewe. Amesema siku hizi hutupi."

"Sitatupa, shangazi. Wala usiache leo. Twende kwa daktari, akupe vidonge, avipunguze polepole."

"Na magoti?"

"Na magoti tutamuuliza."

Kwenye mabenchi Wavinya aliendelea kufundisha zamu yake ilipofika, ila maneno yalikuwa mengine. Hakuuliza tena mnajuaje kilichomo. Alisema: kama unatumia, usiuache ghafla, uje nao mkononi, tukiuliza utuambie, hakuna atakayekucheka. Watu hawakucheka tena wakati wa somo lake. Baadhi walisema lilikuwa limepoa.

Kamanthe alikunywa vidonge vyake kila asubuhi baada ya chai, na Daktari Muli akavipunguza kidogo kidogo kwa miezi, akisimama kila alipohisi mwili umelalamika. Uso ulipungua. Mashavu yalishuka, macho yakatoka yalikokuwa yamejificha, na siku moja Wavinya aliingia akamkuta mama yake wa zamani ameketi mlangoni. Majirani walisema amekonda, maskini, maradhi yamemla. Nyonga ilishika, lakini mguu ulipona ukiwa mfupi, na kwa fimbo aliweza kufika jikoni na kurudi. Matuta yalikodishwa kwa mtu mwingine.

Kisha Daktari Muli akasema sasa wapime tena. Kamanthe alilala kwa Wavinya mjini, na asubuhi hakupewa kidonge mpaka damu itolewe, kwa sababu kidonge kingeweza kuingia kwenye hesabu na kudanganya. Wavinya alikishikilia kile kidonge kwenye kiganja tangu alfajiri. Farhia alikuja na trei.

"Mama mbuzi! Leo tutaona kama zimeamka."

"Zisipoamka mwambie baba yako sasa atoe bei."

Majibu yaliporudi, Farhia hakungoja mtu. Alikimbia nayo mpaka wodini akiipepea karatasi. Mia nne na kumi na tano. Daktari Muli aliisoma mara mbili, akamshika Wavinya bega. Tezi zilikuwa zikifanya kazi zenyewe, bila kidonge. Alisema kidonge kilichobaki kiachwe, ila kwa mwaka mmoja hivi, akipata homa kali au akifanyiwa upasuaji, madaktari waambiwe haraka, maana tezi zilizowahi kulala huchelewa kukimbia.

Jumamosi Wavinya alipeleka habari nyumbani. Kahawa ilikuwa imeiva tena. Kamanthe alikuwa pale pale mlangoni kwenye kigoda, fimbo imelazwa mapajani, akiwatazama vibarua wa yule mkodishaji wakishuka matuta na ndoo. Wavinya aliketi chini kando yake na kumweleza: tezi zimeamka, vidonge basi, damu yake ni kama ya mtu yeyote.

Kamanthe alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza zilikuwa ngapi, akaambiwa mia nne na kumi na tano, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyetajiwa alama za mtoto shuleni.

"Zimeamka vizuri," alisema.

Mmoja wa vibarua alikuwa akivuta tawi kwa nguvu, kahawa mbichi zikianguka pamoja na mbivu. Kamanthe alishika fimbo, akajiinua nusu, mguu mzima ukatangulia na mfupi ukabaki. Akasimama hivyo kwa muda, akiupima mteremko kwa macho. Kisha akajishusha tena taratibu kwenye kigoda.

"Mwiitu wakwa," alisema, "nenda ukamwambie yule avute polepole. Mimi hatanisikia kutoka hapa."

Wavinya alivua viatu vyake vyeupe, akaviweka kando ya fimbo, na kuteremka.